Mlimu wa 'kalamu' na 'karamu': Lifunze sikio kabla ya kuusumbua ulimi

MWALIMU mmoja wa shule ya msingi huko Nyandarua ameniandikia akiuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi. Anasema wanafunzi wake wanachanganya sauti /l/ na /r/, na kila asubuhi huwasimamisha wakariri kwa pamoja: "Lala, lima, lipa, leo." Wanakariri wiki baada ya wiki, kisha ikija imla wanaandika "rara" na "rima". "Nifanye nini zaidi?" anauliza.

Jibu langu ni kwamba apunguze kwanza kile anachofanya. Nalijua tatizo hili kwa sababu nimelibeba mwenyewe. Nilipoingia Kidato cha Kwanza, nikiwa nimelelewa kwa Kikuyu, mwalimu wetu alitusomea imla yenye sentensi kuhusu mjomba aliyeleta kalamu mbili. Nikaandika "karamu mbili". Daftari lilisomwa mbele ya darasa, watu wakacheka hadi machozi, nami nikaamriwa nirudie neno hilo hadi nilipate. "Sema kalamu." Nikasema karamu. "Sikiliza vizuri, bwana! Ka-la-mu." Nikasikiliza vizuri, nikasema ka-ra-mu. Kilichoniudhi si kicheko. Ni kwamba kwa masikio yangu nilikuwa nikisema kitu kilekile alichokuwa akisema mwalimu, na sikujua nisahihishe nini. Baada ya hapo sikuinua mkono tena katika somo la Kiswahili kwa karibu muhula mzima.

Tuanze na kisa chenyewe kiisimu. Alfabeti ya Kikuyu haina herufi "l". Ina /r/ inayotamkwa kwa ncha ya ulimi kugonga ufizi mara moja kwa haraka. Kikuyu kilipokopa neno "kalamu" kutoka kwa Kiswahili, kilisema "karamu", na hadi leo hilo ndilo neno la Kikuyu la kalamu. Kwa hivyo mtoto anayeandika "mjomba aliniletea karamu" anatumia neno sahihi kabisa la nyumbani kwao. Bahati mbaya ni kwamba katika Kiswahili umbo hilo tayari lina mwenyewe: ni sherehe ya kula na kunywa.

Katika Kiswahili /l/ na /r/ ni fonimu mbili, kwa maana kwamba ukiibadili moja kwa nyingine unapata neno lingine. Katika Kikuyu ukitia /l/ mahali pa /r/ hupati neno jipya. Msikilizaji atahisi tu kwamba umetamka kwa namna ya kigeni kidogo. Sikio la mtoto hujifunza mapema kupuuza tofauti zisizobadili maana katika lugha yake, jinsi sote tunavyopuuza kama mtu ana sauti nzito au nyembamba. Likishazoea kuziweka sauti mbili katika kapu moja, kulipigia kelele hakulisaidii. Linasikia mlio, ndiyo, lakini halioni sababu ya kuutenga.

Hapo ndipo kukariri kwa pamoja kunaposhindwa. Mwanafunzi anayeimba "lala" akisikia "rara" anajizoeza kosa, tena kwa sauti ya juu, na wenzake arobaini wanamfunika. Kabla ya kumwomba atamke, sharti tujue kama anasikia.

Chombo cha kupimia na kufundishia ni jozi ya mlinganuo finyu: maneno mawili yanayofanana katika kila kitu isipokuwa sauti moja, mahali pamoja. Wanafunzi wetu wanayafahamu maneno ya jamii hii kwa jina la vitate. Lakini tahadhari: si kila kitate kinafaa kwa kazi hii. "Ghali" na "gari" ni vitate, ila vinatofautiana kwa sauti mbili, /gh/ na /g/ mwanzoni kisha /l/ na /r/ baadaye. Mwanafunzi anaweza kuvitenganisha kwa sauti ya kwanza bila kuisikia /l/ hata kidogo. "Balaa" na "bara" navyo vinatofautiana pia kwa urefu wa irabu. Na "lamba" na "ramba" si jozi hata kidogo, kwani kamusi huyaorodhesha yote mawili kwa maana ileile ya kupitisha ulimi.

Jozi sita ninazoanza nazo ni hizi: kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura, hali na hari (yaani joto au jasho), linda na rinda, lubani na rubani. Nne za kwanza zina sauti inayolengwa katikati ya neno, mbili za mwisho zinayo mwanzoni. Jozi nyingine, kama vile mbali na mbari (ukoo), shali na shari, lika na rika, ninaziweka kando kabisa. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Mimi mwenyewe nilifundishwa mchezo huu bwenini na mwenzangu aliyetoka Mombasa, aliyenihurumia baada ya kile kicheko. Aliweka kalamu upande mmoja wa kitanda na sahani upande wa pili. Akaficha mdomo nyuma ya kitabu, akasema neno moja. "Onyesha," akasema. "Usiseme kitu, we onyesha tu." Nikionyesha kalamu naye amesema karamu, alisema papo hapo, "La, hiyo ni karamu. Sikiliza zote mbili: karamu, kalamu." Kisha tunaendelea. Hakunicheka na hakunitaka nitamke. Sikujua wakati huo kwamba alikuwa amegundua nusu ya yale ambayo wataalamu wa fonetiki wangeyathibitisha kwa majaribio.

Watatu miongoni mwa wataalamu hao ni John Logan, Scott Lively na David Pisoni wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Katika makala yao ya 1991 walieleza jinsi walivyowafunza Wajapani sita kutofautisha /r/ na /l/ za Kiingereza, sauti ambazo Kijapani hakizitengi. Mafunzo yalikuwa ya wiki tatu, vipindi 15. Msikilizaji alisikia neno moja kutoka kwa jozi, akachagua kati ya mawili, na akaambiwa mara moja kama amekosea. Walianza wakipata takriban 78 kwa 100 na kumaliza wakipata takriban 86. Si muujiza, lakini ni hatua ya kweli kwa watu wazima ambao tungedhani masikio yao yamekwisha kufungwa.

Walichosisitiza watafiti hao ni kwamba sauti za wasemaji ziwe nyingi. Katika jaribio lao lililofuata, la 1993, wasikilizaji waliofunzwa kwa sauti ya msemaji mmoja tu waliimarika kwa msemaji yuleyule, lakini ujuzi huo haukuhamia kwa mtu mpya. Walikuwa wamejifunza mtu badala ya kujifunza sauti. Mwalimu anayesoma maneno yote mwenyewe kila siku anapaswa kulikumbuka hilo.

Sasa nieleze jinsi nilivyofanya mwaka jana na binti ya dada yangu, aliyelelewa Murang'a na ambaye Kiswahili chake ni cha shuleni. Nilichukua simu nikawarekodi watu wanne wakisema zile jozi sita: mwanamume mmoja, wanawake wawili na mvulana mmoja, wote wazitengao /l/ na /r/ bila shida. Kila mmoja alisema neno peke yake, bila sentensi. Kisha nikakata vikaratasi 20, kumi vya /l/ na kumi vya /r/, nikavichanganya katika kofia na kuvitoa kimoja kimoja ili mpangilio usitabirike. Kwenye meza niliweka picha mbili mbili. Kazi yake ilikuwa kugusa picha.

Kwa nini bila sentensi? Kwa sababu Kiswahili humsaidia msikilizaji kupita kiasi. Ukisema "mahali palijadiliwa" na "mahari ilijadiliwa", upatanisho wa kisarufi umeshatoa jibu. Ukisema "kura zimehesabiwa", hakuna atakayedhani ni chakula. Mtu anaweza kuishi miaka mingi akielewa kila anachoambiwa kwa muktadha na ngeli, huku sikio lake halijawahi kufanya kazi hii hata siku moja. Ndiyo maana wengi hukataa kwamba wana tatizo la kusikia. "Mimi husikia vizuri, ni ulimi tu ndio mzito," huniambia. Mwondolee sentensi, uone.

Siku ya kwanza binti alipata 12 kati ya 20. Ukitazama alama hiyo peke yake utadhani anasikia kidogo. Lakini niligawanya majibu: kati ya maneno kumi ya /r/ alipata 9, na kati ya kumi ya /l/ alipata 3. Maana yake ni kwamba katika maneno 20 alijibu /r/ mara 16. Hakuwa akisikia sauti mbili. Alikuwa akisikia moja, na kila alichokisikia alikitupa katika kapu la nyumbani. Kwa hivyo usihesabu jumla tu. Hesabu kila sauti kando, la sivyo mtu anayejibu jambo moja siku nzima atakuonyesha nusu ya alama na ukampongeza.

Pia kumbuka kwamba kubahatisha tu hutoa takriban 10 kati ya 20. Alama 11, 12 au 13 hazithibitishi chochote. Mtu anayebahatisha anaweza kufikia 15 au zaidi, ila hutokea takriban mara 2 tu katika kila majaribio 100. Kwa hiyo 15 ndicho kiwango changu, na sharti kifikiwe siku mbili tofauti.

Tulianza kwa urahisi. Kwanza nilimweleza cha kusikilizia. /l/ ni kitambaza: ncha ya ulimi hugusa ufizi na kubaki pale huku hewa ikipita pembeni, kwa hivyo sauti yenyewe hutiririka na unaweza kuivuta kadiri ya pumzi zako. /r/ ni kimadende: ncha ya ulimi hugonga ufizi, na mlio hukatika kwa mara moja au zaidi. Katika siku tatu za mwanzo nilitumia matamshi yaliyokuzwa makusudi, "kalllamu" na "karrramu", ili tofauti ijitokeze. Kisha tukarudi kwenye matamshi ya kawaida, ambamo /r/ mara nyingi ni pigo moja fupi. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu pigo hilo moja ndilo lililo karibu zaidi na /r/ ya Kikuyu, na pia ndilo linaloponyoka haraka. Ukibaki kwenye matamshi ya kukuza, mwanafunzi atafaulu chumbani na kupotea sokoni.

Tulifanya dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kila alipokosea, aliambiwa papo hapo na kusikia maneno yote mawili, moja baada ya jingine, kwa sauti ya msemaji yuleyule. Kusahihisha mwishoni, baada ya maneno 20, hakufai, kwani sikio limeshasahau lilichosikia.

Baada ya wiki mbili alipata 17: /r/ nane na /l/ tisa. Alifurahi, mimi nikawa na shaka. Nikamwita jirani ambaye sauti yake hatukuwahi kuitumia, nikamwomba asome zile jozi nilizokuwa nimeziweka kando: mbali na mbari, shali na shari, lika na rika. Alama zikashuka hadi 13, na kati ya maneno ya /l/ alipata matano tu. Ndiyo sababu ya kuzificha jozi kadhaa. Bila msemaji mgeni na maneno mageni huwezi kujua kama mtu amejifunza sauti au amekariri rekodi zako. Niliongeza wasemaji wengine watatu tukaendelea. Mwishoni mwa wiki ya tano, kwa sauti ngeni tena, alipata 16, nane kwa nane. Siku iliyofuata, kwa msemaji mwingine, akapata 16 tena.

Na ulimi je? Katika wiki hizo tano sikumwomba atamke hata neno moja. Lakini karibu na wiki ya nne alikuwa akimsimulia mama yake habari za shule, akasema "nimesahau karamu", akasita, akajirudi mwenyewe: "ka-la-mu yangu." Hakuna aliyemsahihisha. Sikio lake sasa lilikuwa linamsikia. Watafiti wa lile kundi la Indiana na wenzao wa Japani waliripoti jambo kama hili mnamo 1997: Wajapani waliofunzwa kusikiliza tu, bila mazoezi ya kutamka, waliboresha pia matamshi yao. Hapo ndipo mwalimu anapoweza kuuleta ulimi darasani, kwa sababu mwanafunzi tayari ana kipimo chake ndani.

Nisiahidi nisichoweza kutoa. Binti huyo angali anateleza akisema kwa haraka, hasa katika neno lenye sauti zote mbili kama "rasilimali". Pia lipo kosa linalozaliwa na mafunzo yenyewe: mtu akishatishwa kuhusu /l/ huanza kuitia kila mahali, akasema "balabala" na "halaka". Ukilisikia hilo, usidhani amezidi kujifunza. Ni kwamba anabahatisha kwa upande wa pili. Mrudishe kwenye vikaratasi na uhesabu kila sauti kando, utaona alama za /r/ zimeanguka.

Namalizia na yule mwenzangu wa bwenini. Siku moja wale waliokuwa wakinicheka walikaa karibu nasi, naye akawaambia, "Haya, nanyi nisikilizeni." Akasema "paa", akimaanisha sehemu ya juu ya nyumba, kisha akasema "paa", akimaanisha yule mnyama wa porini. Katika Kimvita maneno hayo hayatamkwi sawa. Jina la mnyama huanza na /p/ yenye mpumuo, hewa inayotoka mdomoni kwa nguvu, na la nyumba halina mpumuo huo. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini, ambaye /k/ yake ndiyo yenye mpumuo. Tahajia yetu sanifu haionyeshi tofauti hiyo, na wengi wetu wa bara hatukulelewa nayo. Akaficha mdomo kwa kitabu akawaambia waonyeshe: juu kwa nyumba, chini kwa mnyama. Vidole vilikwenda huku na huku kama vyangu vilivyokuwa vikienda siku ya kwanza. "Lakini hayo ni maneno yaleyale!" mmoja akalalamika.

"Hivyo ndivyo mwenzenu alivyokuwa akisikia," akajibu.

Basi mwalimu wangu wa Nyandarua, kesho asubuhi usiwasimamishe. Waketishe, ficha mdomo wako, na uwape kitu cha kuonyesha. Juma lijalo mlete mwalimu mwenzako asome badala yako.